Impidansi ya mzigo ina ukubwa wa omu 50, laini ni ya omu 50. Kwa nini jibu linasema SWR ni 2?

#1 Chipukizi_RF

Habari wadau. Nina seti ya maswali ya utangulizi kuhusu laini za kusafirishia mawimbi ya redio, na nimekwama kwenye swali la kwanza kabisa. Naliweka lote kwa sababu vipengele vinategemeana:

Laini isiyopoteza nguvu ina impidansi ya omu 50. Mwishoni imefungwa antena yenye impidansi ya 40 + j30. Masafa ni megahezi 145.
(a) Tafuta SWR, yaani uwiano wa volti kubwa zaidi kwa volti ndogo zaidi kwenye laini.
(b) Volti kubwa zaidi kwenye laini iko umbali gani kutoka kwenye antena?
(c) Oanisha antena na laini kwa kutumia kipande cha robo ya urefu wa wimbi.
(d) Kebo halisi inapoteza desibeli 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipimo kilichofungwa upande wa transmita kitasoma SWR ngapi?

Kipengele (a) nimekifanya hivi. Ukubwa wa 40 + j30 ni kipeuo cha pili cha 1600 + 900, yaani 50 kamili. Mzigo ni 50, laini ni 50, kwa hiyo hakuna kinachorudi na SWR ni 1. Nyuma ya karatasi wameandika 2. Nadhani wamekosea kuchapa. Kuna mwenye maoni tofauti?

#2 NyayaYaShaba

Karatasi imekosea, na wewe pia hujafika mkuu. Ile j30 haili nguvu, kazi yake ni kuhifadhi na kurudisha. Kinachokula nguvu ni 40 peke yake. Kwa hiyo 50 gawanya kwa 40, SWR ni 1.25. Mimi nafunga antena miaka mingi, hesabu yangu ni hiyo na haijawahi kuniangusha.

#3 BiMasafa

Karatasi iko sahihi, jibu ni 2.

Ile kanuni ya kugawanya namba mbili ili kupata SWR inafanya kazi pale tu mzigo usipokuwa na sehemu ya j. Ikiwepo, lazima uanzie kwenye Γ, uwiano wa wimbi linalorudi kwa wimbi linalokwenda, na utoe na kujumlisha namba changamano zenyewe. Ukichukua ukubwa wake kwanza umeshatupa habari unayoihitaji.

```
Γ = (ZL - Z0) / (ZL + Z0)
  = (40 + j30 - 50) / (40 + j30 + 50)
  = (-10 + j30) / (90 + j30)
```

Ukubwa wa juu ni kipeuo cha pili cha 1000, yaani 31.6. Ukubwa wa chini ni kipeuo cha pili cha 9000, yaani 94.9. Gawanya, unapata theluthi moja kamili. Kisha:

```
SWR = (1 + 1/3) / (1 - 1/3) = 2
```

Aliyetunga swali amechagua 40 + j30 makusudi. Anajua mtu atakimbilia pembetatu ya 30, 40, 50.

#4 Chipukizi_RF

Ahsante dada BiMasafa. Hesabu nimeirudia, inatoka. Ila kichwani bado hainikai. Volti ya mzigo gawanya kwa mkondo wake ni 50. Wimbi linalokwenda nalo volti gawanya kwa mkondo ni 50. Sasa laini imejuaje kwamba mzigo si wa kwake mpaka irudishe theluthi nzima?

#5 Kapasita_Mvimbe

Swali zuri. Nasubiri majibu hapa.

#6 TochiYaUsiku

Na mimi nina tatizo hilohilo. Antena yangu nimeipima kwa multimita kwenye konekta, inasoma omu 0.3 tu badala ya 50. Nimenunua mbovu? Nifunge rezista ya omu 50 ili SWR itulie?

#7 MzeeWaMnara

Tochi, usifunge rezista yoyote! Multimita inapima kwa mkondo wa betri, usiobadilika. Antena nyingi zimeungwa kitanzi pale chini, kwa hiyo kwa betri zinaonekana kama waya uliogusana, na nyingine zinaonekana zimekatika kabisa. Zote mbili zinaweza kuwa nzima. Ile 50 ni tabia ya antena kwenye masafa yake, na multimita haifiki huko. Ukifunga rezista, hata kama SWR itaonekana kutulia, sehemu kubwa ya nguvu itaishia kuipasha moto rezista.

Chipukizi, kuhusu swali lako: neno linalokosekana ni fazi. Wengine wataeleza kwa nambari.

#8 BiMasafa

Naeleza kwa nambari, maana hapa ndipo swali lote lilipo.

Tuseme wimbi linalokwenda lina kilele cha volti 100. Kwenye laini ya omu 50 lazima liwe na mkondo wenye kilele cha ampea 2, na hivi viwili vinapanda na kushuka pamoja, bila hata mmoja kumchelewesha mwenzake. Hilo ni sharti la laini.

Wimbi linafika kwenye antena. Antena nayo ina sharti lake: nipe volti na mkondo vyenye uwiano wa 50, lakini mkondo uchelewe nyuma ya volti kwa digrii 36.9. Ndiyo maana ya 40 + j30. Ukubwa umekubalika, fazi imekataliwa. Wimbi linalokwenda peke yake haliwezi kutimiza sharti hilo, kwa hiyo pale mwisho linazaliwa wimbi la pili la kurudi ambalo likijumlishwa na la kwanza litaleta uwiano unaotakiwa.

Jaribu: wimbi la kurudi lina volti 33.3, limetangulia kwa digrii 90. Γ yetu ukiikamilisha ni j/3, hiyo j ndiyo digrii 90. Volti zinajumlishwa: 100 na 33.3 zilizo pembemraba zinatoa 105.4, imetangulia kwa digrii 18.4. Mikondo inatolewa, kwa sababu wimbi la pili linaelekea upande mwingine: 2 na 0.667 zinatoa ampea 2.108, imechelewa kwa digrii 18.4. Gawanya 105.4 kwa 2.108, ni 50. Tofauti ya fazi ni 36.9. Antena imepata ilichotaka.

Kwa wimbi dogo zaidi ya hilo hesabu haifungi. Theluthi ndiyo bei ya kusogeza fazi kwa digrii 36.9.

#9 Chipukizi_RF

Hapo nimeona. Kumbe mzigo wenye ukubwa wa 50 na wenye j tupu, yaani 0 + j50, ungerudisha kila kitu?

#10 BiMasafa

Kila kitu. (j50 - 50) na (j50 + 50) zina ukubwa sawa, ukubwa wa Γ ni 1, SWR haina mwisho. Na kwa njia yako ya #1 ungeandika SWR ni 1. Huo ni mtihani mzuri wa kujua kama kanuni inafaa: ipeleke kwenye hali ya kupindukia uone inasema nini.

#11 NyayaYaShaba

Sawa, fazi nimeielewa. Ila bado nauliza: j haili nguvu, na laini wamesema haipotezi nguvu. Hizo zinazorudi zinaliwa na nani? Kwa wati 100 zinarudi ngapi?

#12 MzeeWaMnara

Theluthi ni ya volti. Nguvu ni mraba wake, moja ya tisa. Kwa wati 100 zinazokwenda, zinarudi 11.1 na antena inapokea 88.9. Na nambari za dada pale #8 zinakubaliana: chukua kilele cha mkondo 2.108, kiinue mraba, zidisha kwa 40, gawanya kwa 2. Ni 88.9. Pungufu hilo ni nusu desibeli hivi, mtu anayekusikiliza upande wa pili hawezi kulitambua.

Zinakokwenda hizo 11 ndiko watu wanagombana.

#13 Solda60

Hakuna cha kugombana. Zinarudi kwenye transmita na kuunguza transista za mwisho. Nimebadilisha transista za namna hiyo mara nyingi, na kila mwenye mashine alikuwa na antena mbovu.

#14 Wimbi_Refu

Si lazima Solda60. Ukiweka kioanishi kati ya transmita na laini, ukakirekebisha mpaka transmita ione 50, zile zinazorudi zikifika kwenye kioanishi zinageuzwa tena kuelekea antena. Kwa laini isiyopoteza, kipimo kikiwekwa baada ya kioanishi kitaonyesha wati 112.5 zinakwenda na 12.5 zinarudi, tofauti ni 100, na zote 100 zinatoka kwenye antena. SWR kwenye laini bado ni 2. Hakuna kilichoungua.

#15 Solda60

112.5 kutoka transmita ya 100? Umeumba wati?

#16 Wimbi_Refu

Sijaumba. 12.5 zilizorudi ndizo zinaungana na 100 mpya. Ndiyo maana usome tofauti ya sindano mbili, usisome moja.

#17 BiMasafa

Mimi nasimama karibu na Wimbi_Refu, ila njia yangu ni nyingine. Transmita haina macho ya kutofautisha wimbi linalorudi na linalokwenda. Inaona impidansi moja tu kwenye konekta yake. Kwa swali hili, kutegemea urefu wa laini, inaweza kuona 100, au 25, au 40 + j30, au chochote kwenye duara hilo la SWR 2. Ikiona 25 mkondo unaongezeka na transista inaweza kupata joto sana. Ikiona 100 mkondo unapungua, volti inapanda, na wakati mwingine transista inapoa. Nguvu zinazorudi ni zilezile moja ya tisa katika hali zote mbili. Kwa hiyo kusema wati 11 zinaingia ndani na kuwa joto hakuelezi kwa nini urefu wa kebo unabadilisha matokeo.

#18 Solda60

Na mbona mashine za kisasa zinapunguza nguvu zenyewe SWR ikipanda? Kama hakuna kinachorudi ndani, zinaogopa nini?

#19 MzeeWaMnara

Zinaogopa volti na mkondo vilivyopita kiasi, ambavyo mtengenezaji hawezi kujua urefu wa kebo yako utavileta kipi. Sakiti ya ulinzi inapima wimbi la kurudi kwa sababu ndilo rahisi kupima.

#20 Solda60

Nitaendelea kuamini nilichokishika kwa mkono.

#21 Chipukizi_RF

Wakuu, turudi kwenye swali kidogo. (b) nimepata moja ya nane ya urefu wa wimbi. Γ ina pembe ya digrii 90 kwenye antena. Ukirudi nyuma kuelekea transmita, pembe inapungua kwa mara mbili ya umbali, kwa sababu wimbi linakwenda na kurudi. Volti inakuwa kubwa pale pembe inapofika 0. Digrii 90 gawanya kwa 2 ni digrii 45 za laini, na urefu mzima wa wimbi ni digrii 360. Sahihi?

#22 BiMasafa

Sahihi kabisa. Na hapo kwenye volti kubwa, j imetoweka. Impidansi ni 50 mara 2, yaani 100 tupu. Shika hiyo 100 kwa ajili ya (c).

#23 Kapasita_Mvimbe

(c) ni nyepesi. Robo ya wimbi ya kebo ya omu 75, ifunge kwenye antena, mchezo umeisha. Wote tunafanya hivyo.

#24 Chipukizi_RF

Nimejaribu hivyo kabla ya kuja hapa, haikubali. Robo ya wimbi inageuza mzigo kuwa mraba wa 75 gawanya kwa mzigo:

```
5625 / (40 + j30) = 90 - j67.5
```

Nikaipeleka kwenye kanuni ya #3. Γ inatoka karibu 0.505 na SWR 3.04. Nilianza na 2, nimeishia 3!

#25 BiMasafa

Hesabu yako ni nzuri, na kinachoonekana hapo ndicho (c) inataka ukione. Kipande cha robo hakiondoi j. Kinaigeuza alama tu na kuizidisha. Ukikifunga kwenye mzigo wenye j unapata mzigo mwingine wenye j. Kifunge pale ambapo j haipo, na (b) imeshakuonyesha mahali: moja ya nane ya wimbi kutoka kwenye antena.

Kwa hiyo kutoka kwenye antena: kwanza kebo ya omu 50 yenye urefu wa moja ya nane, kisha kipande cha robo, kisha kebo ya omu 50 mpaka transmita. Kipande kinatakiwa kiwe na impidansi ya kipeuo cha pili cha 50 mara 100, yaani 70.7. Kebo ya 70.7 huipati kirahisi, ya 75 ipo kila mahali. Kwa 75 unapata 5625 gawanya kwa 100, ni 56.25, SWR 1.125. Wengi tungeishia hapo na kulala usingizi.

#26 Kapasita_Mvimbe

Mimi nimefunga 75 moja kwa moja kwenye antena na ikakubali vizuri.

#27 MzeeWaMnara

Basi antena yako ilikuwa karibu na 100 tupu tangu mwanzo, kama zilivyo antena nyingi za kitanzi kikubwa. SWR yake bila kipande ni 2, sawasawa na hii ya swali. Kwa kipimo cha SWR huwezi kuzitofautisha: 100 ni 2, 25 ni 2, 40 + j30 ni 2, 40 - j30 ni 2. Dawa yako inaiponya ya kwanza, hii ya swali inaizidishia ugonjwa.

#28 Kapasita_Mvimbe

Kweli ilikuwa kitanzi mzee. Umenishika.

#29 TochiYaUsiku

Sasa urefu wa kipande kwa sentimita ni ngapi? Mimi nimekata sentimita 51.7 kwa megahezi 145 na SWR imekuwa ya ajabu.

#30 Chipukizi_RF

51.7 ni robo ya wimbi hewani. Ndani ya kebo wimbi linakwenda polepole, kwa hiyo linakuwa fupi. Kwa kebo yenye plastiki ngumu ya polithini ndani, kasi ni 0.66 ya kasi ya mwanga. Urefu mzima hewani ni mita 2.07, ndani ya kebo mita 1.36, robo yake ni sentimita 34.1 na moja ya nane ni 17.1.

#31 MzeeWaMnara

Umekuwa mwalimu sasa. Nyongeza moja: kebo zenye plastiki ya povu zina kasi kubwa zaidi, 0.8 na kitu. Nyingi za omu 75 ziko hivyo. Kwa 0.82 robo inakuwa sentimita 42.4. Unaweza ukajikuta moja ya nane imekatwa kwenye kebo ya 0.66 na robo kwenye kebo ya 0.82 katika kazi hiyohiyo. Soma maelezo ya kila kebo, au kata ndefu kidogo uipunguze ukiwa na analaiza.

#32 NyayaYaShaba

Mbona mnasumbuka na vipande vya kebo? Ile j30 ni kama koili. Weka kapasita mfululizo pale kwenye antena, yenye riaktansi ya 30, j inakufa. Kwa megahezi 145 ni pikofaradi 36.6. Inabaki 40 na SWR inakuwa 1.25. Nilisema 1.25 tangu #2!

#33 Wimbi_Refu

Ulisema 1.25 kabla ya kuweka kapasita. Hiyo ni sawa na kutangaza mshindi kabla ya mechi.

#34 NyayaYaShaba

Jibu limefika, njia nitarekebisha.

#35 BiMasafa

Na wazo lake ni zuri, tulipe haki yake. Ajabu ya mzigo huu ni kwamba hata ukiweka kapasita sambamba badala ya mfululizo unafika palepale. Geuza 40 + j30 iwe katika sura ya sambamba, inakuwa omu 62.5 ikiwa na koili ya riaktansi 83.3 pembeni yake. Futa koili hiyo kwa pikofaradi 13.2, inabaki 62.5. SWR 1.25 tena.

Ukizitaka zote mbili zikusaidie kufika 50 kamili, usiiue j yote kwa kapasita ya mfululizo. Toa 10 tu, ibaki 40 + j20. Halafu upande wa laini weka kapasita sambamba yenye riaktansi ya 100. Kwa sambamba, 40 + j20 ni 50 pamoja na koili ya 100. Kapasita na koili zinafutana, 50 inabaki. Pikofaradi 110 mfululizo, 11 sambamba, na kwa karatasi SWR ni 1.

Nasema kwa karatasi kwa sababu kwa megahezi 145 miguu ya kapasita yenyewe ni koili, na pikofaradi 11 ni ndogo kiasi kwamba namna unavyopanga waya inaihamisha. Miguu iwe mifupi kabisa, na ile ndogo iwe ya kurekebishika.

#36 Solda60

Hapo nakubaliana na dada mia kwa mia. Miguu mirefu imeniharibia kazi zaidi ya mara moja.

#37 Chipukizi_RF

Kumbe kuna njia tatu na hazifanani hata kidogo. Mtu anachaguaje?

#38 MzeeWaMnara

Kebo inastahimili mvua na nguvu nyingi, ila urefu wake ni wa masafa mamoja, ukihama unapotea taratibu. Kapasita ni ndogo na unazirekebisha, lakini kwa wati nyingi zinahitaji kustahimili volti. Kwa wati 100 hapo tuliona kilele cha volti 105 kwenye antena, na pale moja ya nane kinafika 133. Bado si ya kutisha. Kwa wati 1000 zidisha kwa 3 na kidogo.

#39 Wimbi_Refu

Au chora kwenye chati ya Smith uone mwenyewe. Duara moja, 40 + j30 iko juu kabisa ya duara hilo, ukizunguka robo ya mduara unafika 100. Maswali yote manne yako kwenye picha moja. Phillip Smith wa maabara za Bell aliichapisha mwaka 1939 na bado hakuna iliyoipita.

#40 MzeeWaMnara

Mjapani Mizuhashi alichapisha chati ya namna hiyo mwaka 1937, miaka miwili kabla. Jina la Smith ndilo lililoenea.

#41 Wimbi_Refu

Hilo sikulijua mzee. Shukrani.

#42 Chipukizi_RF

Imebaki (d). Desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Nimepeleka wati 100, zinafika 50 kwenye antena, zinarudi moja ya tisa yaani 5.56, na njiani zinapungua nusu tena, zinafika 2.78. Uwiano wa nguvu ni 0.0278, kipeuo chake cha pili ni moja ya sita. SWR ni 7 gawanya kwa 5, yaani 1.4. Kwa hiyo kebo mbaya inaifanya antena ionekane nzuri?

#43 BiMasafa

Ndiyo, na ni kosa linalowapata hata wazoefu. Antena ina 2, kipimo chini kinasoma 1.4, mtu anafurahi. Ukiongeza kebo, SWR inazidi kupendeza. Kwa kebo inayopoteza desibeli 10, hata antena ikidondoka kabisa na mwisho ukabaki wazi, kipimo cha chini kitasoma 1.22. Dalili ya kukutahadharisha ni SWR iliyo nzuri kwa upana wa masafa usio wa kawaida kwa antena ya aina hiyo. Tenganisha kebo kwenye antena. Kama sindano haishtuki sana, ulichokuwa unakipima ni upotevu wa kebo.

#44 TochiYaUsiku

Hilo limenigusa. Ila yangu ni kinyume. Kebo yangu ni fupi na mpya. Nikiongeza kipande cha mita moja SWR inatoka 1.6 inakwenda 2.3. Nikikiondoa inarudi 1.6. Hapa mmesema SWR haibadiliki kwa urefu wa laini, mnabadilisha impidansi tu. Nani anadanganya, nyinyi au kipimo?

#45 NyayaYaShaba

Kipande chako kibovu. Konekta.

#46 Wimbi_Refu

Inaweza kuwa kebo si ya 50. Ikiwa ni ya 75 na kipimo ni cha 50, SWR ndani ya kebo haibadiliki, lakini kipimo kinalinganisha na 50, kwa hiyo kitasoma tofauti kila ukibadilisha urefu. Soma maandishi kwenye ganda.

#47 BiMasafa

Mimi nashuku mkondo unaotembea nje ya wavu wa kebo. Antena ikiwa haina kizuizi pale inapoungwa, nje ya kebo inakuwa sehemu ya antena, na ukiongeza mita moja umeirefusha antena yenyewe. Hapo mzigo umebadilika kweli na SWR ina haki ya kubadilika. Shika kebo kwa mkono karibu na redio ukitumia nguvu ndogo. Sindano ikicheza, ndiyo hiyo.

Na kabla ya hapo toa antena, weka mzigo bandia wa omu 50 mwisho wa kebo, upime kwa urefu wote miwili. Hilo litawajibu NyayaYaShaba na Wimbi_Refu kwa mpigo.

#48 TochiYaUsiku

Nimerudi. Mzigo bandia: 1.1 bila kipande, 1.1 na kipande. Kebo imeandikwa 50. Nikashika kwa mkono, sindano ilicheza kidogo tu. Nikavalisha pete za feraiti karibu na antena, sasa inatoka 1.7 kwenda 2.0. Tofauti imepungua, haijaisha.

#49 BiMasafa

Basi konekta na kebo tumeziondoa. Pete zimepunguza, kwa hiyo mkondo wa nje upo. Kilichobaki kinaweza kuwa pete hazitoshi kwa megahezi 145, kwa sababu si kila feraiti inafaa huko.

#50 Solda60

Au ni kipimo chenyewe. Vya bei ndogo vinasoma vizuri kwenye omu 50 tupu na kupotoka mzigo ukiwa na j. Mzigo bandia hauna j, hautakuonyesha kosa hilo. Kiwekee mzigo wa omu 100 usio na j, kisha ukibadilishie urefu wa kebo. Kisiposoma 2 kila mara, kosa ni lake.

#51 MzeeWaMnara

Jaribio zuri la Solda60. Ila rezista yenyewe iwe ndogo, isiyosokotwa kwa waya, na miguu isizidi milimita chache, la sivyo utapima miguu.

#52 TochiYaUsiku

Rezista mbili za omu 200 sambamba zitafaa? Ninazo za kaboni za nusu wati.

#53 Solda60

Zitafaa, ila peleka nguvu chini ya wati moja. Pima kwa urefu tatu angalau, tofauti ya sentimita 17 kila mmoja kwa kebo yako kama ni ya 0.66, ili ipite kwenye 100, kwenye j, na kwenye 25. Leta nambari zote, hata zile zinazoonekana hazina maana.